Daluga za Watu Wawili

Nguo zilipoadimika madukani hadi mtu kuvaa kiraka juu ya kiraka, kisha mitumba ikaruhusiwa, mimi na kaka yangu tulipata daluga za mpira jozi moja kwenye gulio la Same. Kaka alizijaribu kwanza. "Zinanikaa," akasema, akanipa. Mimi zilinitosha barabara, nikafurahi bila kuuliza.

Timu ya shamba la mkonge ilifanya mazoezi kila siku, asubuhi na jioni, na mchezaji aliyesajiliwa alipewa kazi shambani. Kaka alizivaa asubuhi, mimi jioni. Hazikupata muda wa kukauka. Alizijaza magazeti makuukuu zinyonye jasho, lakini bitana ya kisiginoni ilikuwa imechanika, nami nikatoka malengelenge. Nikayachuna kwa wembe. Ujana una kiburi chake, nilijiona mganga.

Siku nne kabla ya mechi ya usajili kisigino kilitoa usaha. Kaka akanikokota zahanati. Mhudumu, mama mtu mzima, alikitazama akanuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuchuna?"

"Mwenyewe."

"Ngozi ile ndiyo bendeji yako, mwanangu. Lengelenge osha kwa sabuni, lifunike, liache. Likikuuma sana, njoo nilitoboe pembeni kwa sindano safi, ngozi ibaki. Sasa mechi huchezi." Akamgeukia kaka. "Na wewe, mbona unachechemea? Vua."

Kaka hakutaka. Alipovua raba zake chakavu, nikaona kucha za vidole gumba vyote viwili: nyeusi tii, mmoja umeachia kabisa. Mama yule akachukua daluga yetu niliyokuwa nimeishika, akaibandika chini ya wayo wa kaka. Vidole vilijitokeza mbele.

"Hizi si zako. Kila ukikimbia, ukucha unagonga mbele, damu inavilia chini yake. Kata ncha ya kiatu, au acha mpira."

Niliona aibu, na hasira pia. "Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa jozi moja," akajibu.

Nilimwomba azikate ncha. Akakataa: mwamuzi angemtoa uwanjani, na msimu ujao mimi ningezihitaji nzima. Jumamosi akacheza hivyo hivyo. Kila mpira aliupiga kwa ubavu wa mguu. Hakusajiliwa.

Msimu uliofuata kisigino changu kilikuwa kimepona. Nikacheza kwa daluga zile zile, nikasajiliwa, nikapata kazi iliyonisomeshea watoto. Kaka alipanda mlimani kulima tangawizi, na hakuvaa tena kiatu cha kufunika vidole.

Kila nikimtembelea namletea maji ya vuguvugu, anatumbukiza miguu hadi zile kucha zilizoota nene na kupinda zilainike. Kisha nazikata kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni, kama tulivyofundishwa na mama yule. Yeye hunitania kwamba mkono wangu mzito. Mwaka jana nilimuuliza kama zinamuuma.

"Zinanikaa," akasema.