Siku Kumi na Mbili za Mlinzi

Tangu mumewe afariki na kumwachia vyumba sita, mama mwenye nyumba hakumwamini mtu kwa hesabu. Kalamu haikumtoka sikioni, wapangaji wakamwita Mama Kalamu.

Tarehe kumi na tisa alikuja mshonaji nguo, mwanamke wa makamo, cherehani begani, jicho moja limevimba. Hakuulizwa kulikoni, mwenye macho haambiwi tazama.

"Shikamoo mama. Nahitaji chumba leo hii. Lakini mwezi umefika katikati, nitalipa wote?"

"Marahaba. La, unalipa siku utakazokaa." Mama Kalamu akageuza daftari limtazame mgeni. "Kodi ni elfu sitini. Mwezi huu una siku thelathini, kwa hiyo siku moja ni elfu mbili. Toka leo mpaka mwisho wa mwezi, na leo tunaihesabu maana unalala humu, ni siku kumi na mbili. Elfu ishirini na nne. Tarehe mosi ndipo unaanza elfu sitini kamili."

Mshonaji alihesabu kwa vidole, akaridhika. Akalipa kwa noti zilizokunjwakunjwa, akapewa risiti na ufunguo. Alipoingia chumbani alikuta sare ya ulinzi bado imetundikwa msumarini.

"Aliyekuwa humu amehama lini?"

"Hakuhama. Alikuwa mlinzi. Alifariki tarehe kumi na moja, kitandani, peke yake. Tulivunja mlango siku ya pili."

"Maskini. Alikuwa na deni?"

"Huyo? Alilipa mwezi mzima tarehe mosi, asubuhi na mapema."

 Mshonaji akaishusha ile sare taratibu, akaikunja kama mtu anayekunja nguo ya mteja.

"Kumbe siku zangu ni zake," alisema, bila ubaya wowote, akaanza kufagia.

Mama Kalamu alirudi barazani, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni kweli: siku zilezile kumi na mbili zimelipwa mara mbili, na bati la choo linavuja, na fundi anadai. Marehemu hadai. Dada yake alipokuja kuchukua godoro, aliomba maji tu ya kunywa, akaenda zake.

Alichukua simu, akaiweka. Akaichukua tena.

"Haloo, dada. Ni mwenye nyumba wa marehemu kaka yako."

 Sauti ya upande wa pili ikaja, nyembamba:

"Mama, nivumilie. Sina kitu. Mazishi yamenimaliza. Hata kama kuna alichovunja, nitalipa kidogo kidogo."

"Sidai. Nataka kukutumia elfu ishirini na nne. Chumba kimepata mtu leo, na kaka yako alishalipia mpaka mwisho wa mwezi."

Yule dada hakushukuru. Alilia, akalia mpaka salio likaisha. Mama Kalamu akatuma pesa zote, akaingia ndani akalala na viatu.