Barua ya Ajira ya Mektilda

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, mimi na Mektilda tulikuwa tukigawana baraza ya duka la Mzee Protasi. Mimi na cherehani yangu, yeye na taipureta yake. Alitoka Kihagara, ziwani, akiwa na binti mmoja, Siwema, na mdomo usiojua kunyamaza. Nilizoea kelele zile mbili za mashine zetu, na hadi leo cherehani ikilia peke yake nasikia kama kuna kitu kimepungua.

Mtindo wake wa kazi ulikuwa wa pekee. Hakutoa karatasi kwenye mashine kabla ya kumsomea mwenye barua kwa sauti, maana wengi walikuja na maneno kichwani, si kwenye karatasi. Mtu akisema, "Hapo palainishe kidogo, mama," anapalainisha. Barua za mirathi, za kuomba shule, za mkwe kumsuta mkwe: zote nilizisikia, na nguo za watu nilizishona mikono ikaenda upande kwa kucheka.

Mteja wake mkubwa alikuwa kampuni moja ya kahawa. Bwana Steven, meneja wao, alileta rasimu kila Alhamisi, akalipa kwa ukurasa. Msimu wa mavuno Mektilda alipiga chapa mpaka vidole vikavimba. Ikifika Januari, kahawa imekwisha, Bwana Steven haonekani, naye anakula kwa barua za kubahatisha tu.

Basi Alhamisi moja Bwana Steven akamwambia wanataka karani wa kudumu. Akamwachia rasimu ya barua ya ajira, iliyoandikwa kwa mkono, aipige chapa yeye mwenyewe.

"Na ukurasa huu nikutoze?" Mektilda akauliza.

"Nitoze," akajibu Bwana Steven, akicheka.

Akaipiga. Kisha, kwa mazoea, akaisoma kwa sauti, na safari hii mwenye barua alikuwa yeye. Majaribio miezi mitatu. Mshahara kila mwezi, msimu uwepo usiwepo. Matibabu, likizo ya siku ishirini na nane, akiba ya uzeeni. Alipofika kifungu cha sita sauti ikapungua: mwajiriwa hataruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote ya malipo, wala kumwandikia mtu barua inayohusu kampuni.

Akaiacha karatasi kwenye mashine, hakuitoa.

Kesho yake alimfuata Bwana Steven na wazo lake: wamlipe kwa mwezi mwaka mzima, awafanyie asubuhi mbili kwa wiki, siku nyingine abaki barazani. Akarudi na jibu. Bwana Steven alimjibu kwa upole kwamba wakubwa wake hawataki nusu karani, na kwamba asipochukua yeye, Jumatatu watatangaza nafasi. Kazi za ukurasa zingeisha, kwani karani mpya angezifanya zote.

"Mama Vitalia," akaniambia, "ungekuwa wewe?"

Nilitaka kumwambia abaki. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa: wageni huja na huondoka, mtegemea cha ndugu hufa maskini, na kadhalika. Lakini sababu yenyewe ilikuwa mimi. Nilikuwa nimemwona Januari iliyopita akimpikia Siwema uji wa jioni na kudai yeye ameshiba, na mtoto alikuwa anaingia kidato cha kwanza.

"Nenda," nikasema. Nilichukia kulisema.

Akatia saini. Jumatatu akaja kuaga, amevaa sketi niliyomshonea, akamwuzia Mzee Protasi taipureta. Tulicheka sana siku ile, kicheko cha watu wasiotaka kulia.

Wateja wake waliendelea kuja, wakageukia kwangu, nami nikawaandikia kwa mkono. Agosti akaja Mzee Frederick kutoka milimani, akitaka kampuni ifungue kituo cha kununulia kijijini kwao, kwani wake kwa waume wanapanda kilima na magunia kichwani. Niliandika nilivyoweza. Nikamsomea. Akasema inatosha.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa chapa, mistari imenyooka. Ndugu, barua yako imepokelewa. Uongozi unasikitika kukuarifu kuwa ombi lako halikukubaliwa. Wako mtiifu. Nilimsomea Mzee Frederick hadi mwisho. Chini kabisa pembeni, baada ya herufi za mwanzo za jina la Bwana Steven, zilikuwapo mbili ndogo za mpiga chapa: za Mektilda.

Mzee akaikunja barua taratibu.

"Angekuwepo yule mama wa Kihagara," akasema, "angeiandika barua yetu vizuri ikakubaliwa."

"Salamu zako nitamfikishia, baba," nikamjibu. "Hii ya kukukatalia, yeye ndiye aliyeipiga chapa."