Laki Mbili na Ishirini za Mackrine

Mackrine amekuwa karani wa chama chetu cha msingi cha kahawa hapa Chonyonyo kwa miaka sita, na sidhani kama yuko mtu kata nzima asiyejua anachopokea. Kila mwaka kwenye mkutano mkuu makisio husomwa kwa sauti, kifungu baada ya kifungu: magunia, mlinzi, karani laki mbili na ishirini kwa mwezi. Wanachama tunanyoosha mikono, tunapitisha, tunaenda kunywa soda. Hata muuza maandazi anajua akimwona Mackrine amfungie mawili, si manne.

Mwaka huu msimu ulikuwa mbaya na chama kikamwambia mkataba wake hautaongezwa. Wiki hiyohiyo kampuni moja inayonunua kahawa mjini Kayanga ikatangaza nafasi ya msimamizi wa ghala. Akaitwa kwenye usaili, naye akaja mbio kwangu, maana kabla sijarudi kulima ndizi niliwahi kufanya kazi ofisi ya utumishi Bukoba.

"Watakuuliza unalipwa kiasi gani sasa," nilimwambia. "Ukitaja tu, umekwisha. Watapima kila kitu kwa kiasi hicho hicho, wakuongezee kidogo, na uwashukuru."

"Kwa hiyo nidanganye, shangazi?"

"Hata kidogo! Wakikudai hati ya mshahara utaaibika. Kataa kwa adabu, halafu uwape kiwango kingine cha kushika."

Tukawapigia simu wasimamizi wawili wa maghala ninaowafahamu. Wote walisema kazi ya namna ile inalipwa kati ya laki sita na saba. Tukafanya mazoezi jikoni kwangu mpaka matoke yakaungua.

Alipoingia chumba cha usaili alimkuta meneja, Bwana Mwebesa, na pembeni yake Mzee Nolasco, mwanachama mwenzetu wa chama, ambaye kampuni humtumia kuzungumza na wakulima. Mackrine alimwamkia shikamoo na moyo ukatulia. Maskini, alimhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Maswali ya kahawa aliyajibu yote, unyevu, uzito, jinsi ya kupanga magunia ya kahawa ya maganda yasivunde. Kisha meneja akauliza, "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?"

"Naomba nisiliweke hilo mezani," alijibu. "Kazi ile na hii ni tofauti. Hapa nitasimamia vibarua ishirini, mizani tatu na magari. Nimeulizia kwa wanaofanya kazi kama hii, na matarajio yangu ni kati ya laki sita na laki saba. Ningefurahi pia kujua ninyi mmetenga kiasi gani, ili tuone kama tunakutana."

Meneja aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuweka kalamu chini. Alikuwa anafungua kinywa kumjibu.

"Anaona aibu tu, waitu jamani," Mzee Nolasco akadakia, akicheka kwa upole wa baba. "Huyu ni binti yetu, mimi namfahamu. Ni laki mbili na ishirini. Tulipitisha wenyewe, nami nilinyoosha mkono."

Mackrine hakukata tamaa. "Hicho ni kiwango cha karani wa chama, baba. Mimi naomba kulipwa kwa kazi ya hapa." Lilikuwa jibu sahihi, na mimi nisingekuwa na bora zaidi. Lakini meneja alikuwa ameshachukua kalamu.

"Nimekuelewa, dada. Ila kutoka mbili na ishirini kuruka hadi sita? Tukupe laki tatu. Nje kuna wengine wawili wanasubiri."

Angefanya nini? Angemwambia mzee wa kijijini kwao, mbele ya mgeni, kwamba amemharibia? Kwetu hilo halifanyiki. Angeondoka? Mwisho wa mwezi chama kinamfungia mlango. Alisaini.

Nilipata hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza, na sijui nimkasirikie nani. Chama kinasoma makisio kwa uwazi, jambo ambalo sote tunalisifu. Mzee ni mtu mwema, amesimamia ubatizo wa nusu ya watoto wa kitongoji chetu. Nikimlaumu, watu watanishangaa.

Siku ile, baada ya usaili, mzee alimfuata Mackrine hadi getini, amefurahi kama aliyeozesha binti.

"Umeona nilivyokusaidia, mwanangu? Wewe ulikuwa unazungukazunguka, ungeikosa. Meneja alikuwa ametenga laki saba, lakini alikuwa hajui wewe ungekubali kwa kiasi gani. Nikamrahisishia. Sasa ana mtu wake, na wewe una elfu themanini za ziada."

Mackrine alipiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Asante sana, baba," akasema.