Namba Niliyoijua kwa Kichwa

Nilikuwa na kiburi changu kimoja: namba za simu za wateja nilizijua kwa kichwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi, na nguo zangu huenda Musanze, Huye hata Rusizi kwa mabasi ya abiria. Kwenye dirisha la vifurushi pale kituoni, karani akiniona tu hunisogezea kalamu ya wino mzito. Naandika juu ya gunia jina la mpokeaji, mji na namba, simu yangu ikiwa ndani ya mkoba. Yeye anaingiza kwenye mashine, natoa nauli ya mzigo, ananipa risiti, naipiga picha na kumtumia mteja. Basi likifika, ofisi ya huko humpigia mwenye namba ile. Anakuja na kitambulisho, anatia saini, anachukua.

Kuna familia ya Musanze niliyoishonea miaka minne. Mume anafanya kazi karibu na kituo cha mabasi cha kwao, kwa hiyo mizigo yote ilikwenda kwa namba yake. Mtu wa adabu, kila suruali lazima apige simu kushukuru. Mkewe alikulia Goma, na tangu tujuane hajawahi kuniandikia ujumbe hata mmoja. Yeye ni wa kutuma sauti, na kucheka katikati.

Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini na hakucheka. Alitaka gauni pana na makoti mawili ya watoto. Ndani ya gauni alitaka mfuko wa kuingia karatasi, usioonekana hata mtu akilishika.

"Mama, hii usitume kwa namba ya siku zote," alisema. "Tuma kwa ya jirani, nimekutumia. We peke yako ndiye unajua."

Sikuwa mtoto. Karatasi, makoti ya watoto, namba ya jirani: nilielewa kwamba anataka kuondoka na hataki mumewe ajue. Nilishona mfuko ule kwa mkono, nikaufumua, nikaushona tena mpaka nikaridhika.

Asubuhi ya kutuma nilikuwa na vifurushi vinne. Karani alinitania kwamba kichwa changu kingefaa kuwekwa pale dirishani badala ya mashine yake, nami nikajidai, nikaandika vyote vinne mfululizo. Risiti ya Musanze niliipiga picha, nikaituma kwa jirani bila kuisoma, nikarudi kwenye cherehani yangu nimefurahi.

Baada ya adhuhuri jirani akapiga. Basi la asubuhi limefika zamani, akasema, na hakuna aliyemwita. Nilitoa risiti kwenye mkoba. Jina na namba vilivyochapwa pale vilikuwa vya mume. Mkono wangu ulikuwa umeandika vile ulivyovizoea.

Niliipigia simu ofisi ya Musanze papo hapo. Nilisema mimi ndiye mtumaji, nikasoma namba ya risiti, nikaomba mzigo uzuiwe, nibadilishe mpokeaji. Karani wa kule alipekua daftari lake bila haraka.

"Bwana mwenyewe amekuja, mama. Tulipiga namba ya kwenye colis, kwenye hicho kifurushi, akaleta kitambulisho, akasaini. Hata dakika kumi haijaisha."

Hakuwa na kosa. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa.

Jioni simu ya mke ikaniletea ujumbe wa maandishi: Nimepata, asante. Nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa. Nilituma salamu za sauti, sikujibiwa. Jirani naye hakupokea tena simu zangu.

Wiki iliyofuata ni mimi niliyeitwa kituoni, eti nina mzigo kutoka Musanze. Nilionyesha kitambulisho, nikatia saini. Lilikuwa gunia langu lilelile, limegeuzwa nje ndani. Ndani yake mlikuwa na gauni peke yake, limefuliwa na kupigwa pasi. Mahali pa mfuko palikuwa patupu. Haukuchanwa. Ulifumuliwa uzi mmoja mmoja, na mtu ambaye hakuwa na haraka.

Niliogopa, nasema wazi. Jina langu na namba yangu viko kwenye kila risiti. Siku tatu nilizunguka na simu mkononi kabla ya kupiga namba ile, ambayo bado naijua kwa kichwa. Alipokea mume. Akaniuliza hali, afya, kazi, kwa adabu yake ileile. Nikaomba kumsalimu mkewe.

"Amesafiri, mama," akasema. "Na suruali zangu ulizo nazo, zitakuwa tayari lini?"

Nyuma yake niliwasikia watoto. Mama yao sikumsikia. Nilipaswa kumuuliza amesafiri kwenda wapi, na nani, lini. Nikamwambia Jumamosi.