Soundbar ya Mama Eve Haikuwa Mbovu

Mwanangu Jackton hakumuuzia mtu spika mbovu. Nalisema hili kwanza kwa sababu maneno yametembea Mbotela yote mpaka mlangoni mwa kanisa, na jina linalochafuliwa ni la marehemu baba yake, aliyestaafu kutoka reli bila doa.

Jackton huuza na kufunga televisheni na spika katika nyumba za watu, Makadara hadi Eastleigh. Haondoki kabla mwenye nyumba hajasikia sauti kwa masikio yake. Kwa Teresiah, Mama Eve, alifunga soundbar, ile spika ndefu ya kukaa chini ya televisheni, kwa ule waya mwembamba unaopitisha sauti kwa mwanga. Taarifa ya habari ikasikika vizuri, akaenda zake.

Jumapili akina mama wa jumuiya tulikusanyika kwake kutazama harusi ya Eve kutoka kwenye flashi. Picha ilikuja, sauti hakuna. Teresiah na dada yake wakavuta kabati la televisheni, wakashikashika waya huko nyuma, kisha wakalisukuma mpaka ukutani kupisha viti. Sasa hata habari ikawa bubu.

"Mama Jackton," Teresiah akasema mbele ya wote, "kijana wako ameniletea maiti nyumbani."

Walicheka. Wengine waliaga, wakaondoka na maneno hayo. Mimi nilitoka nje nikampigia mwanangu simu.

Alipofika alimulika tochi nyuma ya kabati. Kichwa cha waya kilikuwa kimetoka nusu, kabati likikiegemea. Alikisukuma mpaka kikalia tak, akaacha nafasi ukutani. Habari ikasikika.

"Habari tunayo hata kwenye redio," akasema dada yake Teresiah. "Sisi tunataka harusi."

Harusi bado ilikuwa kimya. Jackton akaingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni. Alitueleza kwamba sauti ya video ile imerekodiwa kwa mfumo wa Dolby, na televisheni ilikuwa inaipitisha vilevile ilivyo, ilhali soundbar hiyo haiwezi kuisoma. Habari haikuwa na shida kwa sababu ilifika kama PCM, sauti ya kawaida ambayo soundbar inaisoma. Akabadilisha sauti inayotoka, kutoka Auto kwenda PCM, ili televisheni iifungue yenyewe kwanza. Vigelegele vya harusi vikajaa sebule.

Teresiah alinifuata mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Tuyaache basi, Mama Jackton. Si imelia?"

"Ulisema mbele ya watu, Mama Eve. Sema mbele ya watu."

Akageuka. Aliwaambia waliobaki kwamba kabati walilisukuma wao, na kwamba spika haina kosa wala Jackton hana. Walioondoka mapema hawakusikia, ndiyo maana nimeandika.

Wapo wanaouliza mbona tangu siku hiyo sijaingia tena kwa Teresiah. Hilo silielezi.