Barua ya Direkta Kuhusu Jina la Tovuti

Nilikuwa nimekaa mbele ya kibanda changu mtaani Mulongwe, nikifunga unga katika mifuko midogo, simu ikaleta barua pepe kutoka kampuni ya ng'ambo inayosajili majina ya tovuti. Niliifungua nikidhani ni ukumbusho wa kawaida. Kumbe ndani mlikuwa na barua nyingine, yenye nembo ya shirika nililolitumikia bila mshahara, na chini yake sahihi ya direkta wetu.

Direkta alikuwa anaiomba kampuni imrudishie jina la tovuti ya shirika. Aliandika kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu aliyekuwa akijitolea kwao alilisajili kwa siri ndani ya akaunti yake binafsi, kisha akaondoka nalo. Aliambatisha hati ya serikali inayolitambua shirika, pamoja na kitambulisho chake. Jina langu lilikuwamo. Hakuandika kwamba nyumba yangu anaijua, wala kwamba namba yangu ya simu anayo.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Shirika linatia klorini katika ndoo za akina mama pale wanapochota maji, ili kipindupindu kisiingie nyumbani. Tulipoanza, hakuna mtu wa komite aliyekuwa na akaunti ya kununulia kitu kwenye intaneti. Direkta alisimama nyuma ya kiti changu pale biro, ofisini kwetu, akasema, "Andika kwako, mwanangu. Tutabadilisha nyuma, siku ingine." Hatukubadilisha. Nilipojifungua nikaacha kazi, nilimkumbusha, akasema ana mambo mengi. Basi nikaendelea kuliongezea muda jina lile kila lilipokaribia kuisha, kwa sababu likiisha, tovuti inazimika na anwani zote za barua pepe za biro zinakufa nayo.

Kampuni nayo ilikuwa imeandika yake. Kwenye kumbukumbu zao mwenye jina ni mimi, na wao si mahakama. Wamelifunga kwa muda lisihamishwe. Nikikubali ombi, niwajibu. Nisipokubali, shirika lilete amri ya korti. Direkta alikuwa ametumiwa jibu hilohilo.

Ndiyo maana alikuja kibandani kwangu, akiwa na mzee mmoja wa komite.

"Mwanangu, tusifanye mambo kuwa makubwa," alisema, akivuta kiti bila kungoja kukaribishwa. "Fundi wa tovuti mpya anatungoja. Kubali tu, tumalize."

"Papa Direkta, miye niliiba nini?"

"Nani amesema uliiba?"

Nikatoa simu, nikamsomea maneno yake mwenyewe. Aliyasikiliza kama mtu anayesomewa habari za mji mwingine.

"Ile iko lugha ya biro," akasema. "Ukiwaandikia watu wa mbali polepole, hawakusikie. Njo vile barua zinaandikwaka."

"Ungenipigia simu, ningekupa siku ileile."

"Weye uko na hasira ya bure."

Yule mzee alijaribu kunituliza. "Usijali, mama. Tuliisoma kwa komite tu."

"Na akina mama wanaotia klorini? Walikuwapo?"

Mzee alimgeukia direkta. Walikuwapo.

Nilimwambia direkta aandike barua ya pili, kwa kampuni na kwa komite, aseme yeye ndiye aliyeniomba nisajili vile. Akaahidi. Ilipokuja, ilisema kulikuwa na kutoelewana kati ya pande mbili. Kuhusu kuniomba nisajili, hata neno moja.

Mume wangu alisema nilishikilie jina mpaka wajifunze adabu. Nilitaka hivyo, sitadanganya. Lakini kulishikilia kulimaanisha kuendelea kulilinda, kuwa mtumishi wa watu wanaoniita mwizi. Nilichoka kabla hata ya kuanza.

Niliijibu kampuni kwamba nakubali, na kwamba nililisajili kwa ombi la direkta mwenyewe. Wakalifungua. Direkta akafungua akaunti ya shirika palepale kwao, nikalihamishia huko, nikathibitisha kwa barua pepe mabadiliko ya mwenye jina. Kampuni ilinishukuru kwa ushirikiano. Kuhusu siri na wizi haikusema kitu; haikuwa kazi yao. Direkta naye hakuwaeleza akina mama kitu.

Baadaye nilienda kuchota maji. Aliyekuwa akitia klorini ni mama niliyemfundisha mwenyewe namna ya kupima dawa ile. Alitia kwenye ndoo yangu, akainama karibu ili wengine wasisikie.

"Nasikia uliwarudishia kitu chao."

"Niliwapa."

"Ulifanya vizuri, dada," akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. "Mungu anasamehe."

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nilijitwisha ndoo, nikaenda.