Kabla Sijaitikia Kazi ya Mtoni

Nilipopewa kazi ya kupima kina cha Mto Kilombero, nilimwomba ofisa utumishi pale Ifakara aniruhusu nikaongee kwanza na kiongozi wa kituo cha kupimia maji, ndipo nijibu. Mtu nitakayekaa naye porini wawili tu, siwezi kumkubali bila kumwona usoni. Ofisa alisita, kisha akakubali.

Nilivuka kwa pantoni, nikaendesha baiskeli hadi kituoni, upande wa Lupiro. Kiongozi alikuwa mzee; nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Kila nilichouliza alinijibu vizuri: zamu, likizo, mafuriko ya masika. Mwisho nikamuuliza aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu alihamia wapi.

"Hajahama," alisema. Akageukia mto, akaita taratibu, "Mgeni wetu kafika."

Akatega sikio. Mimi nilisikia maji tu.

"Anauliza unavaa buti namba ngapi."

Nikajikuta nimejibu. "Namba nane."

Akageuka tena, akatabasamu. "Anasema zake zitakutosha."

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini kuikataa kazi. Ofisa hakuuliza sababu. Aliuliza tu kama zile buti nilizijaribu.